Picha haionyeshi betri, inaonyesha nafasi ya betri: kukadiria baiskeli ya umeme kabla ya kuilipia

Wanaonitumia picha za baiskeli na skuta za umeme huwa na maswali matatu: ni aina gani, betri yake ina uwezo gani, na itafika wapi kwa chaji moja. Mara nyingi picha huja pamoja na maneno ya muuzaji, na maneno hayo ndiyo yanayozua shaka, kwa sababu tarakimu zake huwa kubwa na za mviringo. Nitachukua tangazo moja la namna hiyo nilifuate hadi mwisho, kwa kuwa aina yake imeenea sana Dar es Salaam na Mombasa siku hizi: baiskeli ya tairi za inchi 26, betri nyeusi ndefu iliyolala juu ya bomba la chini la fremu, na maelezo yanayosema “48V 20Ah, mota 1000W, kilomita 100 kwa chaji moja”.

Jina lililobandikwa kwenye fremu sikulitilia maanani. Viwanda vinavyotengeneza fremu za bei nafuu huziuza bila jina, kisha kila mwagizaji hubandika stika yake. Ukitafuta kwa picha mtandaoni utakuta fremu ileile kwa majina kadhaa, na kila jina lina betri tofauti na mota tofauti. Kwa baiskeli za namna hii, kuitambua maana yake ni kutambua sehemu zake moja moja: kasha la betri, habu, kontrola na chaja. Skuta ni habari nyingine, nami nitaifikia.

Msingi wa makadirio yote ni huu: betri ya lithiamu ni mkusanyiko wa seli zenye ukubwa maalumu. Seli iliyozoeleka zaidi huitwa 18650, na jina lake ni vipimo vyake, yaani kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Seli moja ya aina hiyo ina volti 3.6, na uwezo wake kwa kawaida ni kati ya ampea-saa 2 na 3.5. Hiyo 3.5 ni seli nzuri ya bei ya juu, ilhali zinazowekwa kwenye baiskeli za bei nafuu mara nyingi ni za 2 hadi 2.6. Ili kupata betri iitwayo ya volti 48, fundi huunganisha seli 13 kwa mfululizo. Akitaka ampea-saa nyingi zaidi, huongeza mafungu yanayokwenda sambamba. Kwa hiyo betri ya mafungu manne sambamba, ambayo kwenye lebo huandikwa `13S4P`, ina seli 52, na uwezo wake ni uwezo wa seli moja mara nne. Kamera haioni seli, lakini inaliona kasha, na kasha lina kikomo cha seli linazoweza kubeba.

Kwa bahati nzuri, kasha la kwenye tangazo letu ni maarufu. Ni lile refu lenye mgongo uliochongoka kidogo, linaloteleza juu ya reli na kufungwa kwa ufunguo ubavuni, ambalo mafundi na wauzaji wa vipuri hulijua kwa jina la Hailong. Hupatikana kwa saizi mbili kuu. Ndogo ina urefu wa takriban sentimita 37 na fremu ya plastiki ndani yake yenye matundu 56 ya seli za 18650. Kubwa huzidi sentimita 40 na ina matundu 70. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua hili la kwenye picha ni lipi kati ya hayo mawili, na hapo ndipo gurudumu linapotumika kama rula.

Tairi ya inchi 26 iliyovaa rimu ya kawaida ya baiskeli za milimani hukaa juu ya mduara wa milimita 559. Maandishi ya ubavuni mwa tairi yalisomeka `26x1.95`, yaani unene wa karibu milimita 50, hivyo kipenyo cha gurudumu zima ni takriban sentimita 66. Niliikuza picha kwenye kompyuta na kupima kwa pikseli: gurudumu lilikuwa na urefu wa pikseli 480 kutoka juu hadi chini, na betri pikseli 272 ikipimwa kwa mshazari wake. Hesabu ni fupi:

```
272 / 480 * 66 = 37.4 sm
```

Ni kasha dogo. Hata hivyo, kipimo hiki kinategemea picha kupigwa ubavuni kabisa, na gurudumu lenyewe ndilo linalotoa ushahidi wa hilo. Gurudumu likionekana la duara, kwa maana kwamba upana wake na urefu wake ni sawa kwa pikseli, mpigaji alisimama mahali panapofaa. Likiwa limebanwa na kuwa la yai, baiskeli ilisimama kimshazari mbele ya kamera, na kila kitu kinacholala kwa urefu wa baiskeli kimefupishwa, betri ikiwamo. Tatizo jingine huja pale mpigaji anaposimama karibu mno: gurudumu lililo upande wake huonekana kubwa kuliko lile la mbali. Tofauti ikiwa ndogo, chukua wastani wa magurudumu mawili, maana betri iko katikati yao. Ikiwa kubwa, omba picha nyingine, iliyopigwa kutoka hatua sita au saba, kamera ikiwa katika kimo cha pedali.

Sasa tuijaribu ile 20Ah. Kasha dogo lina matundu 56, na betri ya volti 48 yenye mafungu manne inahitaji 52, kwa hiyo inaingia. Mafungu matano yangehitaji seli 65, ambazo hazina pa kukaa. Hata kama mwenye kiwanda angeamua kununua seli bora kabisa za ampea-saa 3.5, mara nne yake ni 14. Akitumia seli za kawaida za 2.6, tunapata 10.4. Kwa hiyo betri hii ina ampea-saa kati ya 8 na 14, na bei ya baiskeli yenyewe inanisukuma kuamini 10 kuliko 14. Ampea-saa 20 hazikai humo.

Kuna pingamizi moja la haki. Siku hizi kuna seli kubwa zaidi, 21700, zenye kipenyo cha milimita 21 na urefu wa milimita 70, na nyingine zina ampea-saa 5 kila moja. Mafungu manne ya seli hizo hutoa 20 kamili. Lakini seli 52 za ukubwa huo zinahitaji kasha kubwa na pana zaidi, si hili la sentimita 37, na betri ya namna hiyo pekee inaweza kugharimu karibu sawa na baiskeli nzima iliyotangazwa. Nadhani najua tarakimu ya 20 ilikotoka. Zile baiskeli nzito zinazofanana na pikipiki ndogo, zenye betri za risasi chini ya kiti, hutumia betri nne za volti 12 zilizoandikwa `6-DZM-20`, na kwa pamoja hutoa volti 48 na ampea-saa 20 halisi, kwa gharama ya uzito unaokaribia kilo 28. Maneno ya “48V 20Ah” yamekuwa ya kawaida sokoni kwa sababu ya mashine hizo, na muuzaji aliyeyazoea huyahamishia kwenye betri yoyote.

Na je, volti 48 zenyewe tumezipata wapi? Kasha la betri ya volti 36 na la volti 48 ni lilelile, na kwa macho huwezi kuyatofautisha. Hapa picha ya baiskeli haitoshi, inatakiwa picha ya lebo ya chaja. Seli moja ikijaa hufika volti 4.2, kwa hiyo chaja ya betri yenye seli 10 mfululizo huandikwa 42V, na hiyo ni betri ya volti 36. Seli 13 huhitaji 54.6V, na hiyo ndiyo 48. Ukiona 58.8V, ni seli 14, zinazouzwa kama volti 52. Muuzaji anaweza kukosea anapotaja betri, lakini chaja iliyofanya kazi na betri hiyo hadi leo haina budi kulingana nayo. Chaja ya tangazo letu ilisomeka 54.6V na 2A. Volti zilikuwa za kweli, na ile 2A niliiandika pembeni kwa matumizi ya baadaye.

Mota ilikuwa rahisi zaidi. Kwanza nilitazama kwenye ekseli ya pedali: hapakuwa na uvimbe wa chuma wala kasha lililoning'inia chini yake, kwa hiyo si mota ya katikati. Ilikuwa kwenye habu ya gurudumu la nyuma, na hapo kuna aina mbili zinazotofautiana kwa umbo. Mota isiyo na giya huzunguka kwa mwendo uleule wa gurudumu, na ili ipate nguvu kwa mwendo huo wa polepole lazima iwe na kipenyo kikubwa, sentimita 20 na kuzidi, hivyo spoki zake huwa fupi. Mota yenye giya ndani huzunguka mara kadhaa kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, kisha giya ndogo za sayari hupunguza mwendo huo na kuongeza nguvu ya kusukuma. Hiyo inaweza kuwa ndogo, na zile za wati 250 zina kipenyo cha sentimita 12 hadi 14 hivi.

Rula ya hapa ni diski ya breki. Diski nyingi za baiskeli za aina hii zina kipenyo cha milimita 160, na iko karibu kabisa na habu, kwa hiyo umbali wa kamera hauleti tofauti kubwa. Katika picha iliyopigwa upande wa kushoto, habu ilijificha yote nyuma ya diski, ukingo wake ukionekana tu kupitia matundu ya diski. Mota iliyo ndogo kuliko diski ya milimita 160 ni mota yenye giya, ya wati 250, labda 350. Mota ya wati 1000 isiyo na giya ingechomoza nje ya diski pande zote.

Lazima niongeze kwamba wati si tabia ya mota peke yake. Mota huvuta kiasi ambacho kontrola inaruhusu: volti mara ampea. Kontrola ya ampea 22 kwenye volti 48 hupitisha wati zaidi ya 1,000 kwa muda mfupi, na kuna wanaofunga kontrola kama hiyo kwenye mota ndogo na kuiita ya wati 1000. Itakimbia, kisha kwenye mlima mrefu itapata joto, na giya zake, ambazo mara nyingi ni za nailoni, ndizo zitakazolipa deni. Stika ya kontrola ikionekana kwenye picha, soma ampea zake. Isipoonekana, amini ukubwa wa habu kuhusu kile ambacho mota inaweza kustahimili kwa saa nzima.

Ndipo tunafika kwenye kilomita 100. Volti 48 mara ampea-saa 10.4 ni takriban wati-saa 500. Bodi ya ulinzi hukata umeme kabla seli hazijaisha kabisa, na nguvu hupungua mapema zaidi, kwa hiyo nahesabu 450 za kutumia. Mtu anayekanyaga pedali kwa bidii ya wastani na kuiacha mota isaidie, kwenye barabara tambarare, hutumia wati-saa 8 hadi 10 kwa kilomita. Anayekaa tu na kushikilia kidhibiti cha mkononi kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa hutumia 15 au zaidi, kwa kuwa upinzani wa upepo hukua haraka kuliko mwendo. Mgawanyo unatoa karibu kilomita 50 kwa yule wa kwanza na kilomita 30 kwa wa pili. Kilomita 100 zitapatikana kwa mtu ambaye miguu yake inafanya kazi kubwa na mota inamsindikiza.

Milima hubadilisha hesabu kwa namna inayoweza kukadiriwa. Kuinua kilo 110, yaani mtu, baiskeli na mkoba, kwa mita 100 za kimo kunahitaji wati-saa 30, na kwa kuwa mota hupoteza sehemu ya umeme kama joto, betri hutoa karibu 40. Mkazi wa katikati ya Dar es Salaam anaweza kulisahau jambo hili. Anayeishi Mombo na kutaka kwenda Lushoto hawezi: njia ina urefu wa kilomita 30 na kitu na inapanda karibu mita 1,000. Kupanda peke yake kunakula wati-saa 400, na msuguano wa tairi na upepo, hata kwa mwendo wa taratibu, unadai 200 nyingine. Betri yetu ina 450. Huyo atahitaji kukanyaga kwelikweli, na mota yake ndogo itahitaji kupumzishwa njiani.

Skuta nimeiweka pembeni kwa sababu huko jina lina maana. Kampuni kubwa huchapisha vipimo kamili, na ukishajua toleo, betri imejulikana. Ugumu ni matoleo yanayofanana. Xiaomi walitoa mwaka 2020 skuta mbili ambazo kwenye picha ni kama mapacha: Mi 1S na Mi Pro 2. Zote zina tairi za inchi 8.5, mota isiyo na giya ndani ya gurudumu la mbele, na skrini ndogo katikati ya usukani. Lakini 1S ina wati-saa 275 na hutangazwa kwa kilomita 30, ilhali Pro 2 ina 474 na hutangazwa kwa kilomita 45. Anayeuziwa ya kwanza kwa bei ya pili amepoteza betri karibu nusu.

Tofauti iko kwenye urefu, kwa kuwa betri imelazwa ndani ya ubao wa kusimamia na betri kubwa inahitaji ubao mrefu. Urefu wa jumla wa 1S ni milimita 1,080 na wa Pro 2 ni 1,130. Kipenyo cha tairi ni karibu milimita 216, kwa hiyo 1S ina urefu wa tairi 5.0 na Pro 2 tairi 5.2. Tofauti hiyo ni nyembamba. Inapimika kwenye picha safi ya ubavuni, haipimiki kwenye picha ya skuta iliyoegemezwa ukutani. Uzito husaidia pia, kilo 12.5 dhidi ya 14.2, iwapo muuzaji ana mizani na yuko tayari kuitumia. Kilomita zinazotangazwa nazo ni za mpandaji wa kilo 75 kwenye barabara tambarare kwa mwendo wa pole. Mtu mzima anayekwenda kwa kasi ya mwisho hutumia wati-saa 13 hadi 15 kwa kilomita kwenye skuta hizi, hivyo 1S humpa chini kidogo ya kilomita 20 na Pro 2 karibu 30.

Kuna swali moja ambalo hutenganisha mapacha hao kuliko rula, nalo hufaa kwa baiskeli vilevile: inachukua saa ngapi kujaa kutoka kuisha kabisa? Skuta zote mbili zina chaja ya ampea 1.7, na 1S hujaa kwa saa tano na nusu wakati Pro 2 huchukua nane au tisa. Muuzaji ambaye angetia chumvi kwenye kilomita hana sababu ya kutia chumvi kwenye saa za kuchaji. Kinyume chake, hufurahi kusema kwamba inajaa haraka.

Nilimwomba aliyenitumia lile tangazo la baiskeli amuulize muuzaji swali hilohilo, bila kutaja betri. Jibu lilikuja siku hiyohiyo: “Haichelewi, saa tano tu.” Ile 2A niliyoiandika pembeni mara saa tano ni ampea-saa 10. Kwa kuwa chaja hupunguza kasi mwishoni, kiasi halisi kinaweza kuwa chini kidogo ya hapo, lakini hakiwezi kuwa 20, ambazo kwa chaja hiyo zingehitaji saa kumi na zaidi. Makadirio yaliyotoka kwenye ukubwa wa kasha na haya yaliyotoka kwenye saa yamekutana mahali pamoja bila kutegemeana.

Isipokuwa yanapima vitu viwili visivyo sawa. Kasha linaeleza betri ilivyokuwa siku ilipotoka kiwandani, saa za kuchaji zinaeleza ilivyo leo. Kama jibu lingekuwa saa tatu, ningesema seli zimechakaa na kubaki na ampea-saa 6, au muuzaji huanza kuchaji betri ikiwa haijaisha, na ningemtaka mnunuzi aende na kipima volti. Betri hii ikijaa lazima isome karibu 54.6. Apande, akabe kidhibiti hadi mwisho kutoka kusimama, na atazame namba wakati mota inavuta: ikishuka kwa volti mbili au tatu na kurudi mara anapoachia, seli zina afya. Ikianguka kwa sita au saba, au baiskeli ikizima ghafla ilhali skrini inaonyesha chaji imejaa nusu, bei hiyo aihesabu kuwa ya baiskeli isiyo na betri.